Mita 19 Zilizopotea: Kuisoma Barua ya Meneja wa Matengenezo

Barua yenyewe ina kurasa mbili na viambatisho vitatu. Imeandikwa na meneja wa matengenezo wa hoteli ya ghorofa saba Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi, kwenda kwa msambazaji aliyemuuzia pampu ya kupandisha maji kutoka tenki la chini hadi matenki ya juu ya paa. Majina ya pande zote mbili nayaacha. Ugomvi ni wao; kinachonihusu mimi ni jinsi barua ilivyojengwa, sentensi ipi imetangulia, ipi imezikwa, na namba zipi zimewekwa jirani bila kuruhusiwa kusemezana. Nikiisoma naona barua mbili ndani ya moja. Ya kwanza inalalamika, ya pili inatoa ushahidi, na hiyo ya pili inajua jambo ambalo mwandishi wake hakulitambua.

Umbo lake la nje ni lile tulilorithi kutoka masjala za serikali. Kuna Kumb. Na. upande wa kushoto, tarehe upande wa kulia, «Ndugu Meneja Mauzo», kisha mstari mzito wa herufi kubwa: «YAH: PAMPU MBOVU MLIYOTUUZIA». Chini yake aya ya kwanza inaanza kama maelfu ya barua zilivyoanza: «Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.» Halafu: «Pampu mliyotuuzia ni mbovu kwani maji hayafiki juu kwa wakati na wageni wetu wanalalamika kila siku asubuhi.»

Anayelijua eneo hilo hatamlaumu kwa hasira. Wageni wa hoteli za Kariakoo wengi ni wafanyabiashara: wa mikoani, wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, waliokuja kufunga mzigo. Wanaamka alfajiri kwa pamoja na kuoga kwa pamoja, maana maduka ya jumla yanafunguliwa mapema na basi haliwasubiri. Maji ya DAWASA yanapokuja kwa mgao, kama jiji zima lilivyoonja mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, yanaingia kwenye tenki la chini yanapotaka yenyewe. Yasipokuja, boza linaingia usiku wakati mitaa imeachwa na mikokoteni. Saa zilizobaki kabla ya alfajiri ndizo saa za pampu. Pampu ikizembea, meneja wa matengenezo ndiye wa kwanza kupigiwa simu.

Hata hivyo sentensi hiyo ya kwanza ni zawadi kwa mpinzani. «Maji hayafiki kwa wakati» ni habari ya jengo. Inachanganya pampu, mabomba, kona, valvu, urefu wa ghorofa na hata ukubwa wa tenki la juu. Msambazaji aliuza pampu, hakuuza bomba. Jibu lake lipo tayari tangu siku ya kwanza, na kila aliyewahi kugombana na muuza pampu amelisikia: mabomba yenu ni membamba, kona ni nyingi, fundi wenu alifunga vibaya, pampu yetu haina tatizo. Na kwa sentensi ile pekee, jibu hilo haliwezi kupingwa. Bomba lenye kutu ndani linaweza kuifanya pampu nzima kabisa itoe maji kidogo.

Hapa inabidi tuutazame mchoro wenyewe, kwa sababu ugomvi wote umesimama juu yake. Mchoro wa utendaji wa pampu una mistari miwili ya kupimia. Wa chini unahesabu kiasi cha maji kwa saa. Wa kusimama unahesabu kimo, yaani mita ambazo pampu inaweza kuyasukuma maji kwenda juu, pamoja na zile mita zinazoliwa na msuguano ndani ya bomba. Kati yake kuna mstari uliopinda unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia: maji yakiwa kidogo kimo ni kikubwa, maji yakiongezeka kimo kinapungua. Mchoro uliokuja na proforma ya hoteli hii, ambao ni Kiambatisho B, unaanza kwenye mita 62 pale maji yanapokuwa sifuri, unapita mita 54 kwenye mita 9 za ujazo kwa saa, na unafika mita 48 kwenye mita 12 za ujazo kwa saa. Nukta hiyo ya mwisho ndiyo iliyoandikwa kwenye proforma kama ahadi.

Pampu basi haina namba moja. Ina mstari mzima, na jengo ndilo linaloamua pampu isimame wapi juu ya mstari huo. Kumdai muuzaji nukta fulani ndani ya jengo lako ni kumdai kitu ambacho nusu yake iko mikononi mwako. Unachoweza kumdai bila kubishiwa ni kwamba popote jengo litakapoisimamisha pampu, iwe juu ya mstari wake.

Aya ya tatu ya barua inalifahamu hilo, angalau kwa vitendo. Ghafla sauti inabadilika. Vivumishi vinakwisha, wageni wanatoka, na tunasoma:

«Tarehe ya kipimo tulifunga valvu ya maji yanayoingia tenki la chini ili kusiwe na maji mapya. Tenki lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5. Tuliwasha pampu kwa dakika 20 kwa umeme wa TANESCO, si jenereta. Maji yalishuka sentimita 30. Geji ya upande wa kutolea ilisoma bar 3.5 na ya upande wa kuvutia bar 0.1. Volti zilikuwa 392 katika fezi zote tatu. Mota ilivuta ampia 3.9. Mshale wa mzunguko ulikaguliwa na uko sahihi. Chujio lilifunguliwa na kuoshwa kabla ya kipimo.»

Nimeisoma aya hii kwa furaha ya mtu anayesoma nathari safi. Hakuna sentensi inayozidi inachobeba, na kila moja inafunga mlango ambao msambazaji angetokea. Valvu ya kuingilia imefungwa, kwa hiyo hatasema maji mapya yaliharibu hesabu. Vipimo vya tenki vimetajwa, kwa hiyo yeyote anaweza kurudia hesabu mwenyewe: mita 4 mara 2.5 ni mita 10 za mraba, zikishuka sentimita 30 ni mita 3 za ujazo kwa dakika 20, yaani mita 9 kwa saa. Hoteli haina mita ya maji ya bei kubwa, lakini tenki lenye pembe za mraba na fimbo yenye alama ni mita ya kutosha. Umeme ni wa TANESCO, kwa hiyo hatasema jenereta lilikuwa linalegea. Fezi zimepimwa, mshale umekaguliwa. Na hilo la mshale si dogo, maana fundi akibadilisha nyaya mbili mota inazunguka kinyume, pampu inaendelea kutoa maji kana kwamba hakuna kitu, ila kwa nguvu pungufu sana. Chujio limeoshwa. Tena tenki la kuvutia liko juu ya pampu, na geji ya kuvutia inaonyesha hivyo kwa bar 0.1 yake, kwa hiyo hapana hoja ya pampu kunyonya hewa.

Geji mbili ndizo ninazozisifu kuliko vyote. Wengi husoma geji moja tu, ya kutolea, wakaiita kimo cha pampu. Kumbe pampu inastahili sifa ya kile ilichoongeza tu: bar 3.5 ukitoa 0.1 ni 3.4. Bar moja ni mita 10.2 za maji, kwa hiyo tunapata karibu mita 34.7. Geji ya kutolea imefungwa sentimita 30 juu ya ya kuvutia, kama picha ya Kiambatisho C inavyoonyesha, na hizo zinajumlishwa. Mita 35.

Hadi hapo mwandishi ameshinda. Kisha anaandika sentensi ya hitimisho na kujipunguzia ushindi: «Hivyo pampu inatoa mita 9 badala ya 12, upungufu wa asilimia 25.»

Hesabu ni sahihi, mwelekeo wake sio. Amelinganisha maji na maji, yaani ameutembea mchoro kwa mlalo, na kwa kufanya hivyo amerudi kwenye habari ya jengo. Msambazaji atasema: bomba lenu limewabania, fungueni bomba mtapata 12. Alitakiwa asimame kwenye ile 9 aliyoipima mwenyewe, kisha atazame juu. Kwenye 9, mchoro unaahidi mita 54. Geji zinasema 35. Bomba haliwezi kulaumiwa kwa tofauti hiyo, kwa sababu geji ziko mdomoni mwa pampu, kabla bomba halijaanza kazi yake. Upungufu si robo. Ni mita 19, zaidi ya theluthi moja ya kimo kilichoahidiwa.

Angeweza kuongeza mstari mmoja ambao ungemaliza mjadala wa «tofauti ndogo za kawaida». Kiwango cha kimataifa cha kupima pampu, ISO 9906 cha 2012, kina madaraja ya uvumilivu. Daraja la 3B, ambalo ni legevu na ndilo linalotajwa kwenye michoro mingi ya katalogi, linaruhusu kimo kitofautiane kwa asilimia 7 na maji kwa asilimia 9. Asilimia 7 ya mita 54 haifiki hata mita 4. Pampu iliyosoma mita 51 ingekuwa ndani ya uvumilivu, na meneja angekuwa anagombana bure. Iliyosoma 35 iko nje ya daraja lolote.

Sasa tufike kwenye sentensi niliyosema imezikwa. Iko mwisho wa aya ya nne, baada ya malalamiko kwamba simu hazipokelewi, na inaanza na neno la mtu aliyekumbuka kitu akiwa anatoka mlangoni: «Pia tulifunga valvu ya kutolea kwa sekunde chache na tofauti ya geji ikawa bar 4.2.»

Hii ndiyo sentensi bora ya barua nzima. Valvu ya kutolea ikifungwa, jengo linatoweka. Hakuna bomba, hakuna kona, hakuna ghorofa ya saba. Pampu iko peke yake na maji yaliyosimama. Haihitaji kupima tenki wala kuhesabu dakika. Ni geji mbili na mkono juu ya valvu, tena kwa muda mfupi kweli, kwa sababu pampu ikizunguka bila kutoa maji inayachemsha yaliyo ndani na kuunguza sili. Bar 4.2 ni mita 42.8, ongeza sentimita 30 za geji, 43. Mchoro unasema 62. Tofauti ni mita 19, zilezile tulizozipata kule kwenye 9. Kipimo hiki kilipaswa kutangulia vyote na kupewa aya yake, maana ndicho pekee ambacho msambazaji anaweza kukirudia mbele ya shahidi kwa dakika chache.

Kuna zaidi. Chukua 43 ugawe kwa 62. Unapata karibu 0.69. Namba hiyo fundi wa pampu akiiona hushtuka, kwa sababu anaifahamu kwa sura. Kimo cha pampu ya impela hufuata mraba wa kasi ya mzunguko: kasi ikipungua kidogo, kimo kinapungua zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50. Wa Marekani, Saudia, Taiwani na nchi nyingine kadhaa ni wa hezi 60. Hamsini kwa sitini, ukizidisha kwa yenyewe, ni 25 kwa 36, yaani 0.694. Mita 62 mara 0.694 ni 43.

Nikarudi kwenye Kiambatisho B na kutazama kona ya juu kulia, pale watengenezaji wanapoweka maandishi madogo. Imeandikwa 60 Hz. Nikaenda Kiambatisho C, picha ya kibati cha mota: 50 Hz, mizunguko 2,900 kwa dakika, kilowati 3, ampia 6.3. Viambatisho viwili vya barua moja vinapingana waziwazi, vimebanwa kwa pini moja, na matini haisemi lolote juu ya ugomvi wao. Pampu iliyonukuliwa kwa mchoro wa hezi 60 imeletwa kufanya kazi kwa hezi 50, na inafanya hasa kile ambacho pampu ya namna hiyo inapaswa kufanya.

Ampia nazo zilikuwa zinasema hivyohivyo. Mota inavuta 3.9 wakati kibati kinaruhusu 6.3. Mwandishi ameiweka namba hiyo kama mapambo ya ukamilifu, hakuiuliza maana yake. Pampu ambayo impela yake inasuguana na kasha, au yenye beringi iliyokwama, ingekuwa inahema kwa ampia nyingi. Hii inakwenda kwa raha kwa sababu imepewa kazi ndogo. Ni kweli kwamba impela iliyochongwa ikawa ndogo kuliko ya kwenye katalogi ingeweza kuleta dalili zinazofanana, kimo kidogo na ampia chache, na vipimo vya geji peke yake visingetofautisha. Kinachotofautisha ni zile karatasi mbili. Mchoro wa 60 na kibati cha 50 vinaeleza mita 19 zote bila kuacha sentimita ya kutafutiwa sababu nyingine.

Basi kile kichwa cha herufi kubwa kimekosea. Pampu si mbovu. Ningekiandika upya: «YAH: PAMPU ISIYOLINGANA NA MCHORO WA PROFORMA YENU». Mabadiliko haya hayamwonei huruma msambazaji, yanambana zaidi. Akiitwa muuza pampu mbovu, atatuma fundi, fundi ataifungua, ataikuta safi, ataandika ripoti kwamba haina kasoro, na ripoti itakuwa ya kweli. Akiambiwa kwamba bidhaa aliyoleta hailingani na maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe kwa karatasi yake mwenyewe, hana cha kufungua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza kwa maelezo alete kitu kinacholingana na maelezo hayo, na hapo haijalishi kwamba kitu chenyewe ni kizima.

Kosa la kichwa lina gharama ya pili, mbaya zaidi, na inaonekana kwenye dai. Aya ya tano inasema: «Tunaomba mtubadilishie pampu hiyo kwa nyingine mpya ya aina hiyohiyo ndani ya siku 14.» Msambazaji mwungwana atakubali kesho asubuhi. Ataleta pampu mpya ya aina hiyohiyo, itafungwa, valvu itafungwa kwa sekunde chache, na geji zitasoma bar 4.2. Meneja atakuwa amepewa alichoomba na hana tena mdomo wa kulalamikia. Hii ndiyo sababu naihesabu aya hii kuwa dhaifu kuliko ile ya hasira. Hasira ilikuwa kelele tu, lakini dai hili lina uwezo wa kufunga mlango.

Dai linalotokana na vipimo vyake ni jingine kabisa: pampu ambayo mchoro wake wa hezi 50 unapita kwenye au juu ya mita 48 kwa mita 12 za ujazo kwa saa, ije na mchoro huo wenye namba ya hezi ikionekana, ama fedha zirudishwe. Msambazaji huenda akapendekeza njia ya tatu, kifaa cha kubadilisha kasi kitakachoizungusha mota kwa hezi 60. Inawezekana, lakini si bure. Mota iliyokuwa ikifanya kazi kwa raha itafika karibu kabisa na kilowati 3 zake, na sili na beringi zitazunguka kwa kasi ambayo kibati hakikuiandika. Pendekezo hilo likija, lije na barua ya mtengenezaji anayelikubali, si na neno la muuza duka.

Aya ya sita ni vitisho: wanasheria, vyombo vya habari, «hatua kali zaidi». Siijadili. Ingeweza kufutwa yote na barua ingepanda thamani.

Nafasi yake ingechukuliwa na sentensi ambayo haipo popote katika kurasa zote mbili. Pampu bado inafanya kazi. Inapandisha mita 9 za ujazo kwa saa kila usiku kwa sababu hoteli haina nyingine. Kwa mujibu wa sheria ileile ya Sura ya 214, mnunuzi anayekaa na bidhaa na kuitumia kupita muda wa kuridhisha bila kusema kwamba anaikataa huhesabiwa ameipokea, na akishahesabiwa hivyo haki ya kuirudisha inamponyoka, akabakiwa na ya kudai fidia tu. Barua inalalamika, lakini haisemi popote kwamba hoteli inaikataa pampu, wala kwamba inaendelea kuitumia kwa muda, ili wageni wasikose maji, bila kuipokea. Kama barua bado haijatoka ofisini, sentensi hiyo iingizwe kabla ya sahihi. Kama imeshatoka, iandikwe ya pili yenye mistari mitatu, ikabidhiwe kwa mkono dukani, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.